Wingu Lililoitangulia Bei

Fungua chati ya dola ya Marekani dhidi ya yeni kwenye simu, chagua mishumaa ya siku, kisha ongeza kiashiria kinachoitwa Ichimoku. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni wingu lililotanda mahali ambapo bei bado haijafika. Mshumaa wa mwisho ni wa leo, na kulia kwake hapana kitu, lakini wingu linaendelea mbele kwa zaidi ya mwezi, huku likinenepa na kule likikonda. Wanaoanza kujifunza foreksi wengi hulitazama wakadhani wameonyeshwa kesho. Hawajaonyeshwa. Wingu lile ni hesabu iliyokwisha kufanywa, ikabebwa na kuwekwa mbele, na kila atakayeandika programu ya kulisoma lazima kwanza ajue lilibebwa kutoka wapi.

Aliyelibuni ni Goichi Hosoda, mwandishi wa habari wa Japani, ambaye kazi yake alitia saini kwa jina la Ichimoku Sanjin. Alianza kuichora mistari hii katika miaka ya 1930, wakati hakuna kompyuta, kila namba ikihesabiwa kwa mkono, na hakuiweka hadharani hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Hali hiyo ya kuhesabu kwa mkono inaeleza mengi kuhusu umbo la hesabu zake. Wastani wa kawaida wa siku 52 unadai ujumlishe bei 52 kila jioni. Hosoda alitumia njia nyepesi zaidi: tazama siku 52 zilizopita, chukua bei ya juu kabisa iliyofikiwa na bei ya chini kabisa, jumlisha hizo mbili, gawa kwa mbili. Basi. Siku nyingine zote 50 zilizobaki zinaweza kupanda na kushuka zitakavyo bila kugusa jibu. Tutakuja kuona kwamba wepesi huo una gharama yake.

Hesabu hiyo moja hurudiwa kwa madirisha matatu. Kwa siku 9 unapata mstari unaoitwa Tenkan-sen, wenye mwendo wa haraka. Kwa siku 26 unapata Kijun-sen, unaotulia zaidi. Ukichukua katikati ya mistari hiyo miwili unapata Senkou Span A, ukingo mmoja wa wingu. Ukingo wa pili, Senkou Span B, ni katikati ya dirisha la siku 52. Zamani hizo masoko ya Japani yalifunguliwa hata Jumamosi, kwa hiyo siku 26 zilikuwa takriban mwezi mmoja wa kazi na siku 52 miezi miwili. Leo wiki ya soko ina siku tano, na wapo wanaozibadili namba hizo. Mimi naona heri kuziacha, kwa sababu ndizo zilizomo kwenye programu zote tangu mwanzo, na ukizigusa utakuwa unatazama wingu ambalo hakuna mwingine analiona.

Kingo hizo mbili zikishahesabiwa leo, hazichorwi leo. Zinasogezwa mbele mishumaa 26. Nafasi iliyo kati yao ndiyo inayopakwa rangi na kuitwa wingu. Upo pia mstari wa tano, Chikou Span, ambao ni bei ya kufunga ya leo iliyochorwa mishumaa 26 nyuma, lakini katika kazi ya kujua kama bei imevuka wingu hauhitajiki, na tutauweka kando.

Kwa lugha ya Python, ukiwa na safu ya bei za juu za kila siku na safu ya bei za chini, wingu lote linatoka kwenye mistari michache:

```python
def kati(n):
    return (juu.rolling(n).max() + chini.rolling(n).min()) / 2

a = ((kati(9) + kati(26)) / 2).shift(26)
b = kati(52).shift(26)
ukingo_juu   = np.maximum(a, b)
ukingo_chini = np.minimum(a, b)
```

Neno lenye uzito hapo ni `shift(26)`. Linasema kwamba namba iliyopatikana siku fulani itasomwa siku ya ishirini na sita baadaye. Ukilisahau, programu haitalalamika. Itafanya kazi, itatoa ishara, na ishara zenyewe zitaonekana nzuri. Tatizo ni kwamba itakuwa inalinganisha bei ya leo na kingo zilizotengenezwa na bei hiyohiyo ya leo na za juzijuzi, na wingu la aina hiyo huifuata bei kwa karibu mno hata likavukwa mapema na mara nyingi. Dalili yake ni rahisi kuiona: muulize mwenye programu akuonyeshe wingu la wiki ijayo. Programu iliyosogeza kingo vizuri inalo tayari, hata la mwezi ujao. Isiyosogeza haina kitu mbele ya leo.

Mistari miwili ya mwisho nayo ina sababu. Senkou Span A si ukingo wa juu siku zote. Soko likiwa limeshuka kwa muda mrefu, A hukaa chini na B juu, na wingu hubadilishwa rangi. Programu inayodhani A ndiyo dari itatangaza ushindi bei ikiwa bado katikati ya wingu, kwa hiyo kila siku ni lazima kuuliza upya ipi kubwa na ipi ndogo.

Sasa kusoma kwenyewe. Wengi waliozoea mistari ya wastani hulichukulia wingu kama mstari mmoja mnene: bei iko juu au iko chini, na ikihama upande, tumepata ishara. Lakini wingu lina upana, na bei inaweza kukaa ndani yake wiki nzima. Kwa hiyo hali ni tatu: juu ya wingu, ndani, na chini. Bei inayotoka chini na kuingia winguni haijavuka kitu bado. Ikitokea upande wa juu, imevuka. Ikirudi chini ilikotoka, imegusa tu na kurudi, na programu inapaswa kunyamaza. Ili kutofautisha mambo hayo, haitoshi kujua jana ilikuwaje, kwa sababu jana huenda bei ilikuwa ndani, na juzi ndani, na mtondo ndani. Programu inahitaji kukumbuka mara ya mwisho bei ilipokuwa nje ya wingu, ilikuwa upande gani.

```python
hali = 0
if funga > ukingo_juu:
    hali = 1
elif funga < ukingo_chini:
    hali = -1

if hali != 0:
    if hali != kumbukumbu:
        toa_ishara(hali)
    kumbukumbu = hali
```

Hapa `funga` ni bei ya kufunga ya siku, na kingo ni zile za siku hiyohiyo. `kumbukumbu` haibadiliki bei ikiwa ndani ya wingu. Inabadilika pale tu inapoonekana nje. Siku ya kwanza kabisa ya kazi, `kumbukumbu` ijazwe kimyakimya bila kutoa ishara, la sivyo kila programu mpya itaanza maisha yake kwa kupiga kelele isiyo na maana.

Tuzipitie siku chache za hisa ya kufikirika inayouzwa Tokyo, bei yake ikizunguka yeni 2,000. Namba ni zangu, ila mwenendo wake utaukuta kwenye chati yoyote. Tuko siku ya 100 tangu tuanze kuhesabu. Hisa hii ilishuka sana hapo awali, wiki iliyopita ilikuwa bado chini ya wingu, na sasa imepanda na kuingia ndani. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu ya programu kumeandikwa -1.

Wingu la siku ya 100 lilitengenezwa siku ya 74. Jioni ile, katika siku 9 zilizokuwa zimepita, bei ya juu ilikuwa 2,060 na ya chini 1,980, kwa hiyo Tenkan-sen ilisimama 2,020. Katika siku 26, bei ya juu ilikuwa 2,140 na ya chini ileile 1,980, na Kijun-sen ikasimama 2,060. Katikati yao ni 2,040, ambayo ndiyo Senkou Span A. Dirisha la siku 52 lilianzia siku ya 23, na siku hiyohiyo ya 23 ndiyo iliyokuwa na bei ya juu kuliko zote, yeni 2,260. Ukiichanganya na 1,980 unapata 2,120, ambayo ni Senkou Span B. Basi wingu la siku ya 100 linaanzia 2,040 hadi 2,120. Hisa imefunga 2,105. Iko ndani, na programu imenyamaza.

Kabla ya kwenda siku ya 101, tazama programu iliyosahau kusogeza ingesema nini. Ingechukua madirisha yanayoishia leo. Tuseme katika siku 9 za mwisho bei ya juu ni 2,118 na ya chini 2,010. Katika siku 26 ya juu ni 2,118 na ya chini 1,985. Na katika siku 52 ya juu ni 2,140, ya chini 1,980. Kingo zake zingekuwa karibu 2,058 na 2,060, wingu jembamba kama uzi, na bei ya 2,105 ingekuwa juu yake kwa mbali. Programu hiyo ingekuwa imekwisha toa ishara ya kununua siku kadhaa nyuma, ilhali wingu halisi halijavukwa.

Siku ya 101 hisa inashuka kidogo, inafunga 2,100. Wingu la siku hii lilitengenezwa siku ya 75, na dirisha lake la siku 52 linaanzia siku ya 24. Siku ya 23, ile yenye 2,260, imeachwa nje. Bei ya juu iliyobaki dirishani ni 2,200. Senkou Span B inaporomoka kwa mpigo mmoja kutoka 2,120 hadi 2,090, na A imebaki palepale 2,040. Sasa wingu ni 2,040 hadi 2,090, na bei ya 2,100 iko juu yake. Programu inatangaza kwamba bei imevuka kwenda juu.

Bei imeshuka yeni 5, na tumepata ishara ya kupanda. Hakuna kosa lolote katika hesabu. Kilichosogea ni wingu, na lilisogea kwa sababu siku moja ya zamani, zaidi ya miezi mitatu nyuma, imetoka dirishani. Zaidi ya hapo, kushuka huko kwa ukingo kulijulikana tangu jioni ya siku ya 75. Mtu yeyote aliyetazama chati siku hiyo angeliona daraja hilo likimsubiri mbele. Ndiyo maana kwenye chati Senkou Span B huenda kwa ngazi: hulala bapa siku nyingi, kisha hukatika ghafla. Mimi nikiona ishara ya kuvuka, swali langu la kwanza huwa ni kama iliyotembea ni bei au ni ukingo. Programu inaweza kulijibu kwa kuandika namba nne tu kando ya kila ishara: bei ya jana na ya leo, ukingo wa jana na wa leo. Ukiona bei haikuongezeka na ukingo umekatika, ishara hiyo ina uzito mdogo kuliko ile ambayo bei yenyewe ilipasua wingu lililotulia.

Mfano huuhuu unaonyesha kosa jingine la waandishi wa programu. Wapo wanaolinganisha bei ya jana na wingu la leo, kwa kuwa ndilo lililo karibu mkononi. Kwetu hapa, 2,105 ya jana iko juu ya 2,090 ya leo, kwa hiyo programu ya aina hiyo ingeona kwamba bei ilikuwa juu tangu jana, hivyo leo hakuna kilichovuka, na jana nayo ilikwisha kupita bila ishara. Ishara ingepotea kabisa. Bei ya jana husomwa na wingu la jana.

Siku ya 102 hisa inafunga 2,085, ukingo ukiwa bado 2,090. Imerudi ndani. Siku ya 103 inafunga 2,098, imetoka tena. Programu isiyo na kumbukumbu ingetoa ishara ya pili ya kununua hapa, na kama soko lina wiki ya kutangatanga, ya tatu na ya nne. Yetu inakumbuka kwamba mara ya mwisho bei ilikuwa nje ilikuwa juu, kwa hiyo inatulia. Itapiga kelele tena pale tu bei itakapopita wingu lote na kufunga chini ya ukingo wa chini. Hilo halimalizi shida yote ya soko lisilo na mwelekeo, ambako bei huvuka wingu jembamba kwenda na kurudi kila baada ya siku chache, na kila kuvuka kukiwa kamili. Wengine hudai bei ifunge nje siku mbili mfululizo kabla ya kuamini. Inapunguza kelele, ila unaingia umechelewa zaidi, na wingu lenyewe tayari ni chombo cha kuchelewa.

Kuna jambo moja ambalo limewagombanisha watu wengi bila sababu. Ukiweka Ichimoku kwenye MetaTrader na kwenye TradingView, bei zikiwa zilezile, wingu la moja litakuwa limetofautiana na la nyingine kwa mshumaa mmoja. MetaTrader husogeza kingo mishumaa 26 kamili. TradingView huhesabu mshumaa wa leo kuwa wa kwanza kati ya hiyo 26, kama ilivyo desturi ya Japani, kwa hiyo kwa kweli husogeza 25. Kwenye hisa yetu, wanaotumia njia ya pili wangeona ukingo ukishuka hadi 2,090 siku ya 100, siyo ya 101, na bei ya 2,105 ingekuwa juu siku hiyohiyo. Ishara ingetangulia siku moja. Hakuna aliyekosea, lakini programu yako ikikataa kulingana na chati unayoitazama, anza kuchunguza hapo kabla ya kuvunja hesabu nzima.

Mpaka sasa tumeichukulia siku kana kwamba wote tunakubaliana inaanza saa ngapi. Kwenye hisa za Tokyo hakuna ubishi. Soko hufunguliwa na kufungwa. Kwenye foreksi bei hutembea mchana na usiku, na siku hukatwa pale dalali alipoamua. Wengi huikata soko la New York linapofunga saa 11 jioni, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa 7 usiku, au saa 6 usiku majira ya joto ya Marekani. Wengine huikata saa 6 usiku kwa saa za UTC.

Tofauti hiyo ilijionyesha vizuri alfajiri ya mwaka 2019. Tarehe 3 Januari, muda mfupi baada ya saa 1 na nusu asubuhi za Tokyo, Wajapani wakiwa bado kwenye mapumziko ya mwaka mpya na muda mfupi tu baada ya Apple kutangaza kupunguza makadirio yake ya mauzo, dola iliporomoka dhidi ya yeni kutoka karibu 109 hadi chini ya 105 ndani ya dakika chache, kisha ikarudi juu sehemu kubwa ya njia. Saa hiyo New York ilikuwa imepita saa 11 na nusu jioni ya tarehe 2. Kwa dalali anayekata siku saa 11 jioni za New York, anguko lile ni mali ya mshumaa wa tarehe 3. Kwa anayetumia UTC, ilikuwa bado saa 4 na nusu usiku, na mkia uleule mrefu umeingia kwenye mshumaa wa tarehe 2. Na kina chake nacho hakikurekodiwa sawa, kwa sababu dakika zile kila dalali alikuwa na bei zake.

Hapa ndipo wepesi wa Hosoda unapodai malipo. Wastani wa kufunga wa siku 52 usingeusikia sana mkia ule. Ungekuwa siku moja kati ya 52, tena siku iliyofunga mbali na shimo lenyewe. Lakini hesabu ya katikati huchukua ncha mbili tu. Mkia ukishuka yeni 2 zaidi ya mahali pa chini palipobaki dirishani, Senkou Span B inashuka yeni 1 nzima na kukaa huko mpaka siku ile itoke dirishani. Kwa kuwa kingo husogezwa mbele, athari hiyo haikuonekana kwenye wingu la wiki ile. Ilianza kuguswa na bei mishumaa 26 baadaye, katika Februari, watu wakiwa wamekwisha sahau dakika zile, na ikaendelea kwa mishumaa mingine 52.

Ukitumia dalali wa UTC kuna jambo dogo zaidi la kuangalia. Soko la foreksi hufunguka Jumapili jioni za New York, na kwa saa za UTC zinabaki saa mbili au tatu tu kabla ya Jumatatu kuingia. Dalali wa namna hiyo huzitengenezea mshumaa wake. Wiki inapata mishumaa sita, na dirisha la mishumaa 52 ambalo kwa mwingine lina wiki kumi na zaidi kidogo, kwako lina wiki zisizofika tisa. Kwa kinaya, ni idadi ya siku za wiki aliyoijua Hosoda, ila Jumamosi yake ilikuwa siku ya soko kweli.

Kwenye hisa, adui wa mishumaa ya siku ni kugawanywa kwa hisa. Toyota iligawa kila hisa moja kuwa tano kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021, na bei sokoni ikabadilika mwishoni mwa Septemba, kutoka takriban yeni 10,000 hadi takriban 2,000. Hakuna aliyepoteza senti. Lakini kama bei za nyuma kwenye faili lako hazijagawanywa kwa tano, programu inaona hisa imeanguka kwa asilimia 80 usiku mmoja na inatangaza kwamba imevuka wingu kwenda chini. Uharibifu hauishii hapo. Dirisha la siku 52 lina 10,000 juu na 2,000 chini, kwa hiyo Senkou Span B inachora wingu kwenye 6,000, mahali ambapo hisa hiyo haikununuliwa na mtu ndani ya dirisha hilo. Ukingo wa B wa leo hutumia mishumaa inayorudi nyuma hadi 77 kabla ya leo, hivyo ni mpaka zipite siku 77 za soko ndipo wingu linakuwa safi. Ukilijumlisha la leo, ndiyo idadi ndogo kabisa ya mishumaa ambayo programu hii inaweza kuanza nayo: 78. Pungufu ya hapo ukingo wa B haupo, na programu isiyokagua hilo italinganisha bei na nafasi tupu. Kipimo changu cha haraka ni kuiagiza programu isimame na kuuliza kila inapoona bei ya kufungulia imeachana na ya kufunga ya jana kwa zaidi ya theluthi moja.

Wasomaji wenye hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam huuliza kama wingu linafaa kwa kaunta zao. Kwa zinazouzwa kila siku, hesabu ni ileile. Ila zipo kaunta zinazopitisha siku nzima bila hisa hata moja kubadilisha mikono, na kila anayetoa data ana njia yake ya kuandika siku kama hiyo. Mmoja huiruka, na hapo mishumaa 26 inaweza kuchukua miezi miwili ya kalenda. Mwingine hurudia bei ya jana: kufungulia, juu, chini na kufunga zote namba moja. Zikifuatana siku kumi hivyo, bei ya juu na ya chini za dirisha la siku 9 zinakuwa sawa. Zikiendelea wiki na wiki, hata dirisha la siku 52 linabanwa, A na B zinakutana, na wingu linabaki uzi ambao mauzo ya hisa chache kwa bei ya shilingi 10 zaidi yataupasua. Programu itaandika ishara ileile iliyoiandika kwa hisa ya Tokyo. Kwa hiyo kabla ya kuiendesha, hesabu ni siku ngapi kati ya 52 za mwisho ambazo idadi ya hisa zilizouzwa ni sifuri. Zikizidi tano au sita, mimi naizima, nampigia dalali simu kumuuliza kuna oda ngapi za kununua na ngapi za kuuza kwenye foleni, na kwa bei gani.